Upele wa nepi usiopona: kubabuka tu au fangasi?

Mtoto akibabuka makalioni, kwa kawaida siku mbili tatu za kumbadilisha nepi haraka, kumkausha vizuri na kumpaka mafuta mazito ya kukinga ngozi zinatosha. Ngozi hutulia, mtoto huacha kulia akioshwa, na mambo huisha. Mwongozo huu ni kwa ajili ya upele ambao haukufuata njia hiyo: siku ya tatu imepita, ya nne imeingia, umepaka kila ulichoshauriwa, na eneo liko vilevile au limeongezeka.

Upele wa namna hiyo huwa na maelezo, na mara nyingi ni moja kati ya matatu. Kwanza, kinachoichubua ngozi bado kipo, kwa mfano mtoto anaendelea kuharisha. Pili, ulianza kama kubabuka kwa kawaida, kisha fangasi wakaingia, na mafuta ya kukinga peke yake hayawaui fangasi. Tatu, krimu inayotumika siyo, au ndiyo inayoendeleza tatizo. Ukijua uko kwenye lipi kati ya hayo, hatua inayofuata haina utata.

Kinachotokea ndani ya nepi

Wazazi wengi huulaumu mkojo. Mkojo una mchango wake, lakini mkosaji mkubwa ni kinyesi. Ndani ya kinyesi cha mtoto kuna vimeng'enya vilivyotoka tumboni, ambavyo kazi yake ni kumeng'enya mafuta na protini za chakula. Ngozi nayo imejengwa kwa mafuta na protini. Ngozi kavu yenye afya huwa na tindikali kidogo, na tindikali hiyo huvizuia vimeng'enya visifanye kazi kwa nguvu. Mkojo ukikaa pamoja na kinyesi, hutoa amonia, tindikali ile inapungua, na vimeng'enya vinapata nafasi. Wakati huohuo unyevu umeshailainisha ngozi, na nepi inaisugua kila mtoto anapogeuka. Ndiyo maana mtoto anayeharisha anaweza kubabuka ndani ya saa chache: choo kinapita haraka, kinatoka na vimeng'enya vingi, tena mara nyingi kwa siku.

Fangasi wanaohusika huitwa kandida. Hawaletwi na uchafu wa mzazi. Wanaishi tumboni mwa watu wengi, watoto wakiwemo, bila madhara yoyote, na hutoka na choo. Kwenye ngozi nzima wanapita tu. Wakikuta ngozi iliyochubuka, yenye joto na majimaji, wanaota. Mtoto akipewa antibiotiki kwa ajili ya sikio au kifua, bakteria waliokuwa wakiwabana kandida tumboni wanapungua na fangasi wanaongezeka. Dawa hizohizo mara nyingi huleta kuharisha, kwa hiyo ngozi inapigwa kutoka pande mbili kwa wakati mmoja. Kama mtoto wako alimaliza dozi ya antibiotiki karibuni na upele haupoi, wafikirie fangasi mapema.

Hatua ya kwanza: fungua mikunjo uangalie

Subiri mtoto aoshwe na kukaushwa, mlaze chali penye mwanga wa mchana, karibu na dirisha au mlangoni. Ondoa kwanza mafuta yaliyobaki juu ili uione ngozi yenyewe. Kisha inua miguu yake taratibu, na kwa vidole viwili panua mikunjo: pale paja linapokutana na kinena, chini ya korodani au pembeni mwa uke, na mfereji kati ya makalio. Hapo ndipo jibu lilipo.

Kubabuka kwa kawaida hukaa pale nepi inapogusa: mgongo wa makalio, sehemu ya ndani ya mapaja, chini ya tumbo, juu ya kinena. Ukipanua mkunjo, ndani unakuta ngozi ni nzima au imeathirika kidogo tu, kwa sababu humo nepi haifiki kusugua. Eneo lililobabuka huwa na mng'ao, limevimba kidogo, na mipaka yake inafifia taratibu hadi kwenye ngozi nzima. Likiwa kali zaidi, ngozi inachubuka na kutoa majimaji.

Fangasi hufanya kinyume. Wanaanzia ndani ya mkunjo, kwenye joto na unyevu, na kutoka nje. Ukipanua, unakuta ngozi ya ndani imeiva, mara nyingine ina utelezi, na ukingo wa eneo unaonekana wazi, pengine na magamba membamba yanayobanduka pembeni. Kisha angalia sentimita moja au mbili nje ya ukingo huo, kwenye ngozi inayoonekana nzima. Je, kuna vipele vidogo vilivyotawanyika, kila kimoja peke yake, vingine vikiwa na kichwa cha usaha au vimeshapasuka na kuacha kiduara kidogo chenye gamba? Vipele hivyo vya pembeni ndivyo dalili ninayoiamini kuliko zote. Mikunjo iliyoiva pamoja na vipele vya pembeni, kwenye upele uliozidi siku 3, ni fangasi mpaka ithibitike vinginevyo.

Jambo moja linawapoteza wazazi wengi. Maelezo ya upele wa nepi karibu kila mahali husema "nyekundu sana". Kwenye ngozi ya maji ya kunde au nyeusi, wekundu huo unaweza usionekane. Eneo lenye ugonjwa huwa jeusi zaidi kuliko ngozi ya jirani, au la zambarau, au la kijivu, na pale ngozi ilipochubuka huwa la waridi. Kwa hiyo usitegemee rangi peke yake. Tumia ncha ya kidole safi: pitisha taratibu kutoka ngozi nzima kuelekea penye upele. Utausikia ukingo ukinyanyuka, utavisikia vile vipele vya pembeni kama chembe chembe hata kama macho yanavipita, na utasikia joto lililozidi. Mwangalie pia usoni. Mtoto anayekunja uso na kurusha miguu maji yanapogusa eneo fulani anakuonyesha penye jeraha.

Kabla hujamvalisha, angalia mdomoni. Utando mweupe kwenye ulimi unaofutika kwa kitambaa chenye maji ni maziwa. Utando mweupe ulioganda ndani ya mashavu au kwenye fizi, usiofutika, au unaofutika na kuacha pameiva au panatoa damu kidogo, ni fangasi wa mdomoni. Mama anayenyonyesha naye ajiangalie: chuchu zinazowaka au kuuma ndani kwa ndani baada ya kunyonyesha, zikiwa zimeiva au zina magamba, zinaweza kuhusika. Haya ni muhimu kwa sababu ukitibu makalio peke yake na mdomo ukaachwa, fangasi wanaendelea kumezwa, wanapita tumboni na kurudi palepale. Mdomo una dawa yake ya matone au jeli, na hiyo iandikwe na mhudumu wa afya kulingana na umri. Jeli nzito haifai kwa kichanga mdogo kwa sababu inaweza kumkwama kooni.

Hatua ya pili: matunzo ya msingi, kwa upele wa aina zote mbili

Hata kama una hakika ni fangasi, dawa haitafanya kazi juu ya ngozi inayoendelea kuloa. Kwa hiyo matunzo haya yanaanza leo, dawa iwepo isiwepo.

Badilisha nepi mara mtoto anapojisaidia, bila kusubiri. Kwa mkojo, kichanga abadilishwe kila baada ya saa 2 hivi na mtoto mkubwa kidogo kila saa 3 hadi 4. Upele ukiwepo, amka umbadilishe angalau mara moja usiku. Najua usingizi wa mzazi ni wa thamani, lakini saa 9 au 10 ndani ya nepi moja zinaweza kufuta kazi yote ya mchana.

Osha kwa maji ya uvuguvugu na pamba au kitambaa laini. Sabuni si lazima kila mara. Ikihitajika, iwe kidogo na isiyo na harufu. Palipochubuka sana, usifute kabisa. Mkalishe kwenye beseni lenye maji kidogo ukiwa umemshika, au mwagia maji kwa kikombe mpaka kinyesi kiondoke chenyewe. Vitambaa vya unyevu vya pakiti viache hadi ngozi ipone, hasa vyenye manukato au spiriti.

Kausha kwa kubonyeza kitambaa kikavu juu ya ngozi, bila kusugua, ukikumbuka mikunjo. Halafu mwache bila nepi. Mlaze juu ya taulo au khanga iliyokunjwa kwa dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku. Hewa haina mbadala hapa, na kwa maoni yangu ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote kwa sababu inachafua mashuka. Tandika kitu kisichopitisha maji chini ya taulo, halafu usijali.

Kisha paka kizuizi. Kinachohitajika ni krimu nzito yenye zinki oksaidi au mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Kiwango cha zinki huandikwa kwenye tyubu. Nyingi ziko kati ya asilimia 10 na 40, na palipochubuka chagua yenye kiwango cha juu. Kosa la kawaida ni kupaka kidogo na kuisugua mpaka ipotee kama losheni ya mwili. Kizuizi kinatakiwa kukaa juu, kama siagi nzito kwenye mkate, kiasi kwamba ngozi haionekani chini yake. Unapombadilisha tena, usikikwangue chote. Toa sehemu iliyochafuka tu, acha iliyo safi, ongeza nyingine juu. Kikigoma kutoka, kilainishe kwa mafuta laini ya mtoto yasiyo na harufu badala ya kusugua.

Nepi yenyewe isibane. Vidole viwili vipite kwa urahisi kiunoni. Wakati wa upele, namba moja juu ya ile anayovaa kawaida husaidia hewa kuingia.

Vipo vitu vya kuacha. Poda ya mtoto, iwe ya talki au ya wanga, ikirushwa hewani huingia mapafuni, na kwenye mikunjo hugandamana na kusugua. Dawa za maji za kuua vijidudu, spiriti, chumvi na dawa ya meno huunguza ngozi iliyokwisha kuchubuka. Magadi ya kupikia na unga wa boriki hupenya kwenye ngozi iliyo wazi na kuingia mwilini. Boriki ni sumu kwa mtoto. Dawa ile ya maji ya zambarau huweza kuunguza ngozi laini, na huacha rangi inayokuzuia kuona kama upele unapona au unaenea.

Hatua ya tatu: kama ni fangasi

Dawa zinazotumika ni krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1, mikonazoli ya asilimia 2, au nistatini. Zote tatu zimetumika kwa watoto kwa miaka mingi na ngozi huzivumilia vizuri. Mweleze mfamasia umri wa mtoto, na hakikisha jina la dawa kwenye tyubu ni moja tu. Nitaeleza sababu hapa chini. Kwa kichanga aliye chini ya mwezi mmoja, usinunue mwenyewe. Apelekwe aonwe kwanza.

Mpangilio wa kupaka una maana yake. Osha, kausha kabisa mpaka ndani ya mikunjo, acha hewa kidogo. Paka krimu ya fangasi safu nyembamba moja kwa moja kwenye ngozi, uvuke ukingo wa upele kwa sentimita moja hivi ili uvifikie vipele vya pembeni. Subiri dakika chache inywee. Ndipo juu yake upake kizuizi kizito. Ukianza na kizuizi, krimu ya dawa itabaki juu ya zinki bila kugusa ngozi, na wiki nzima itapita ukidhani dawa haifanyi kazi.

Krimu ya dawa hupakwa mara 2 au 3 kwa siku kulingana na maelezo ya tyubu. Kizuizi hupakwa kila unapobadilisha nepi. Kwa kubadilisha mara nane, kwa mfano, asubuhi, mchana na usiku unaanza na dawa, mara tano nyingine ni kizuizi peke yake.

Ndani ya siku 2 hadi 3 unatakiwa uone mabadiliko: vipele vipya vya pembeni vinaacha kutokea, ukingo unashuka, mtoto anatulia akioshwa. Kupona kabisa huchukua kwa kawaida kati ya siku 7 na 14. Na hapa ndipo wengi wanapokwama. Siku ya tano ngozi inaonekana nzuri, tyubu inawekwa kabatini, na baada ya wiki upele umerudi. Fangasi waliobaki ndani ya mkunjo hawaonekani kwa macho. Endelea na dawa siku kadhaa baada ya dalili zote kutoweka, au kwa muda wote ulioandikwa na mhudumu. Ikiwa siku 7 za dawa iliyopakwa kwa mpangilio huu hazijaleta nafuu ya wazi, usibadilishe krimu kwa kubahatisha. Mtoto aonwe.

Krimu za mchanganyiko

Kuna tyubu zinazobeba dawa tatu pamoja: ya fangasi, ya bakteria na steroidi. Hupendwa kwa sababu upele unafifia kwa siku moja au mbili. Kinachoufifisha ni steroidi, ambayo huzima mwitikio wa ngozi. Katika nyingi ya tyubu hizo ni steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, na nepi huifunika na kuongeza kiasi cha dawa kinachopenya hadi kwenye damu. Ikitumika kwa wiki kadhaa, ngozi hukonda na kupata michirizi, na mtoto anaweza kuathirika mwili mzima, hata uso kuvimba na ukuaji kuzorota. Tena steroidi hupunguza kinga ya ngozi, kwa hiyo fangasi huenea chini kwa chini huku juu pakionekana shwari. Ukiacha kupaka, upele unalipuka upya, na mzazi anarudi kununua tyubu ileile.

Soma viambato. Ukiona majina mawili au matatu ya dawa, au jina linaloishia na "-sone", "-solone" au "-sol" pamoja na dawa ya fangasi, muulize mfamasia kama kuna steroidi na ni ya nguvu gani. Haidrokotisoni ya asilimia 1, ambayo ni hafifu, wakati mwingine huandikwa na mhudumu wa afya kwa siku chache pale ngozi ilipovimba sana. Hiyo ni sawa chini ya uangalizi, safu nyembamba, isizidi muda ulioelekezwa. Steroidi kali chini ya nepi, hapana. Kama umeshaitumia kwa muda mrefu, usijilaumu na usifiche. Mweleze daktari ili amwangalie mtoto na akuelekeze namna ya kuiacha.

Mfano wa mtoto mmoja, siku kwa siku

Chukua mtoto wa miezi 8. Alipata maambukizi ya sikio akaandikiwa antibiotiki. Siku ya tatu ya dawa akaanza kuharisha, mara tano au sita kwa siku. Jioni hiyo makalio yameiva, yana mng'ao, na analia akifutwa. Mama anapanua mikunjo: ndani ni safi. Hakuna vipele vya pembeni. Hiki ni kubabuka kwa sababu ya choo, na fangasi hawajaonekana. Anaacha vitambaa vya pakiti, anaosha kwa maji, anapaka zinki nene kila anapobadilisha. Antibiotiki haachi, kwa sababu sikio bado linahitaji tiba. Anampigia simu aliyeiandika kumweleza kuhusu kuharisha, na anaendelea kumnyonyesha na kumpa maji ya chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini kama alivyoelekezwa.

Siku mbili zinazofuata makalio yanapungua wekundu kidogo. Mama anaridhika. Siku ya nne ya upele anafungua mkunjo wa kinena wa kushoto na kukuta mstari mweusi ulioiva, wenye ukingo wa wazi, na nje yake kwenye paja vipele vitano sita vidogo, kimoja kikiwa na kichwa cheupe. Upande wa kulia umeanza hivyohivyo. Makalio yalikuwa yakipona wakati mikunjo ikiharibika. Kama angeangalia makalio tu, angesema zinki inafanya kazi, aongeze. Anaangalia mdomo: safi.

Anaanza klotrimazoli ya asilimia 1 mara tatu kwa siku, zinki juu yake. Siku ya sita hakuna kipele kipya. Siku ya nane mikunjo imekauka, magamba membamba yanabanduka. Anaendelea na dawa. Siku ya kumi na moja ngozi ni laini ukipitisha kidole, haina joto, lakini ile sehemu ya mikunjo imebaki nyeusi kuliko mapaja. Anaogopa kwamba ugonjwa bado upo.

Hiyo ni alama tu. Ngozi nyeusi iliyoumia huacha doa jeusi zaidi, au pengine jeupe kidogo, na doa hilo hufifia lenyewe kwa wiki au miezi kadhaa. Ngozi iliyo tambarare, laini, isiyo na ukingo wala vipele, na isiyomuuma mtoto, imepona, rangi iwe vyovyote. Usiendelee kupaka dawa kufukuza doa, na kamwe usipake krimu ya kung'arisha. Mama yule anamalizia siku chache za dawa zilizobaki, anaacha, na kubaki na safu ya mafuta ya mgando kila usiku.

Ukitumia nepi za kitambaa

Nepi za kitambaa hazina kosa, mradi zibadilishwe mara tu zikiloa. Upele wa fangasi ukiwepo, ondoa kinyesi chote, zifue kwa maji ya moto ya nyuzi 60 au zaidi au zichemshe, kisha zisuuze mara mbili ili sabuni isibaki. Kilainisha nguo kiache, kwa kuwa huacha mabaki yanayokera ngozi na kupunguza uwezo wa kitambaa kunyonya. Zikauke kabisa, juani ikiwezekana. Chupi ya plastiki ya kuvalisha juu iwekwe pembeni hadi ngozi ipone.

Kama si kubabuka wala fangasi

Upele mwingine hujifananisha. Duara jekundu lililokoza, lenye mpaka mkali, lililozunguka tundu la haja kubwa peke yake, mtoto akilia anapojisaidia na pengine kukiwa na damu kidogo juu ya choo, laweza kuwa bakteria wa streptokokasi. Krimu ya fangasi haitasaidia. Panahitajika antibiotiki ya kumeza. Malengelenge yanayopasuka na kuacha magamba ya rangi ya asali huashiria bakteria pia. Vipele vinavyowasha usiku, vilivyopo pia viganjani na nyayoni, na watu wengine nyumbani wakijikuna, ni upele wa wadudu wadogo sana wanaochimba ngozi, unaoitwa skabizi. Mabaka mang'avu yenye mpaka mkali yanayoambatana na magamba kichwani hutaka macho ya daktari. Upele wa makalioni unaokwenda sambamba na mwingine kuzunguka mdomo na kwenye vidole, mtoto akiharisha na nywele zikipungua, unaweza kutokana na upungufu wa zinki mwilini, ambao kupaka zinki juu ya ngozi hakuutibu. Na fangasi wanaorudi kila wanapotibiwa, hasa wa mdomoni, kwa mtoto asiyeongezeka uzito, ni sababu ya kumpima kinga ya mwili, ikiwemo kupima virusi vya ukimwi na kisukari.

Mpeleke mtoto hospitali siku hiyohiyo ikiwa ana homa, ikiwa upele unaenea haraka au umevimba na una joto kali, ukiona usaha, malengelenge, vidonda vyenye damu au madoa ya zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza, au ikiwa amelegea, hanyonyi, au anaharisha na kukojoa kumepungua. Kwa mtoto aliye chini ya miezi 3, homa ya nyuzi 38 au zaidi ni dharura hata kama upele unaonekana mdogo.

Unapokwenda, usimpake chochote asubuhi hiyo ili ngozi ionekane. Beba tyubu zote ulizotumia, hata zilizokwisha, pamoja na jina la antibiotiki aliyomaliza karibuni. Kama simu yako inapiga picha, piga mikunjo kila siku mbili penye mwanga uleule. Picha ya siku ya kwanza na ya leo humwonyesha daktari mwendo wa upele kuliko maelezo. Mhudumu anaweza kukwangua magamba kidogo na kuyatazama kwa darubini ili kuthibitisha kandida. Mwombe akuandikie jina la dawa, mara ngapi kwa siku, na tarehe ya kuacha.